Kusogeza, kurefusha siku mbili, au kurefusha kila siku: ombi lipi la saa ya chakula umwandikie meneja

Barua pepe nyingi za kuomba nafasi ya mazoezi mchana hukwama kwa sababu moja: mwandishi anaomba "saa ya chakula inayobadilika" bila kusema inabadilika vipi. Meneja hawezi kukubali kitu asichoweza kukipanga, kwa hiyo anajibu "tutaliangalia" na habari inaishia hapo. Kabla ya kuandika, amua unaomba lipi kati ya mambo matatu: kusogeza saa yako ile ile bila kuiongeza, kuirefusha siku chache tu za wiki, au kuirefusha kila siku. Hayo ni maombi matatu tofauti. Kila moja lina gharama yake kwa ofisi, lina aina ya mazoezi linayoiwezesha, na linapita mikono tofauti kabla ya kuidhinishwa.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mhasibu wa malipo katika kampuni iliyopo Posta, Dar es Salaam, anaanza kazi saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Chakula ni saa 7:00 hadi 8:00 mchana. Anafanya kazi saa 8 kwa siku, 40 kwa wiki. Anaishi Kimara, anatoka nyumbani alfajiri ili kuikwepa foleni, na jioni akifika nyumbani jua limeshazama. Mezani kwake yuko na mwenzake mmoja anayeweza kupokea ankara na kujibu wasambazaji. Yupo meneja wa fedha mmoja juu yao, na mlangoni kuna mashine ya kuweka kidole.

Hesabu ya dakika kwanza

Watu huhesabu muda wa mazoezi na kusahau muda unaoyazunguka. Ukienda jimu iliyo mwendo wa dakika 7 kutoka ofisini, unatumia 7 kwenda na 7 kurudi, 5 kubadili nguo, 5 za kupoa, na 11 za kuoga na kuvaa. Hizo ni dakika 35 kabla hujanyanyua chuma hata kimoja. Ukila kwa dakika 15, zinafika 50. Katika saa moja zinabaki dakika 10 za mazoezi. Kwa hiyo anayeomba kusogeza tu saa yake huku akiwa na nia ya kwenda jimu atachelewa kurudi tangu siku ya kwanza, hata akijitahidi vipi.

Zile dakika 5 za kupoa usizikate ili kupata nafuu. Ukiingia bafuni mwili ungali moto, utaendelea kutoka jasho baada ya kuvaa shati, na utarudi mezani umelowa mgongo. Ni jambo dogo, lakini ndilo wenzako wataliona mapema kuliko faida yoyote ya mazoezi.

Kutembea kwa kasi ukianzia mlangoni mwa ofisi ni hesabu nyingine kabisa. Dakika 3 za kubadili viatu, 30 za kutembea, 12 za kupoa, kujifuta kwa taulo yenye maji na kubadili shati, kisha 15 za kula. Jumla ni 60 kamili. Mwendo uwe wa kweli: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 za mazoezi mazito, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo huo unafaa kukuongoza katika kuchagua ombi. Anayetembea anahitaji siku nyingi zenye muda wa kawaida. Anayekimbia au kunyanyua vyuma anahitaji siku chache zenye muda mrefu zaidi.

Yakiwekwa bega kwa bega

| | Kusogeza tu | Kurefusha siku mbili | Kurefusha kila siku |
|---|---|---|---|
| Muda wa kutoka | 6:00–7:00 mchana | 5:30 asubuhi–7:00 mchana | 5:30 asubuhi–7:00 mchana |
| Siku | Jumatatu–Alhamisi | Jumanne na Alhamisi | Jumatatu–Ijumaa |
| Muda wa kufidia kwa wiki | Hakuna | Dakika 60 | Dakika 150 |
| Mazoezi yanayopatikana kwa wiki | Dakika 120 za kutembea | Dakika 80 za jimu | Dakika 200 za jimu |
| Anayehusika | Meneja | Meneja, na utumishi kwa ajili ya mashine ya kidole | Meneja, utumishi, na maandishi ya saa za kazi |

Katika dakika 90 za jimu hesabu ni ile ile: 35 za safari, nguo na maji, 15 za kula, 40 za mazoezi.

Kwa nini mapema na si baadaye

Wengi huomba kusogeza mapumziko mbele, saa 8:00 hadi 9:00 alasiri, wakidhani jua litakuwa limepungua makali. Kwa Tanzania Bara hapo kuna tatizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Aliyeanza saa 2:00 asubuhi anatimiza saa 5 saa 7:00 mchana. Ukiomba saa 8:00 unamwomba meneja akubali saa 6 mfululizo, na afisa utumishi makini atalirudisha ombi hata kama wewe mwenyewe umeridhia.

Ukisogeza nyuma, mtego huo haupo. Kutoka saa 6:00 hadi 7:00 kunaigawa siku saa 4 kabla na saa 4 baada. Tena unarudi wakati mwenzako anatoka kwenda kula saa 7:00, kwa hiyo meza haibaki tupu. Hilo la mwisho ndilo litakalomgusa meneja zaidi. Muda ambao zamani nyote wawili mlikuwa nje, saa 7:00 hadi 8:00, sasa una mtu. Ofisi inapata saa nzima ya huduma ambayo haikuwa nayo, na sentensi hiyo iandikwe wazi katika barua.

Gharama yake ni jua. Dar es Salaam jua huwa utosini karibu saa 6 na nusu mchana, na mtembeaji wa saa 6:00 analipata lote. Chagua njia yenye miti au vibaraza vya majengo, kunywa maji kabla ya kutoka, na Machi ya joto kali panda na kushuka ngazi ndani ya jengo badala ya kutoka nje.

Ijumaa

Siku hii iache. Wafanyakazi Waislamu hutoka mchana kwa swala ya Ijumaa, na ofisi nyingi za Dar tayari zimewapangia nafasi hiyo. Ukiomba nawe kutoka kwa mazoezi wakati huo huo, meneja ataona meza mbili tupu na mwenzako ataona unagombania muda wake wa ibada. Ukisema kwenye barua kwamba Ijumaa utabaki kwenye saa ya kawaida, umeondoa pingamizi kabla halijasemwa. Kama Muislamu ni wewe mwenyewe, sababu ya kutoiomba Ijumaa ni ile ile.

Ndiyo maana kwenye jedwali kusogeza kumehesabiwa siku nne. Dakika 120 zinapatikana ofisini, na 30 zinazobaki ni matembezi ya Jumamosi au Jumapili.

Kufidia asubuhi au jioni

Anayerefusha lazima afidie, na watu wengi huandika "nitabaki jioni" kwa mazoea. Kwa mhasibu wetu wa Kimara hiyo ni fidia ghali. Kuondoka saa 11:30 badala ya 11:00 kunamtupa ndani kabisa ya foleni, na baada ya wiki mbili ataanza kuondoka saa 11:15. Asubuhi ni tofauti: kwa sababu ya kuikwepa foleni, mara nyingi yuko ofisini kabla ya saa 2:00, amekaa tu akisubiri. Akianza rasmi saa 1:30 anafidia kwa muda ambao tayari anao.

Saa zake siku hizo mbili zinakuwa hivi: 1:30 hadi 5:30, saa 4, mapumziko hadi 7:00, kisha hadi 11:00, saa 4 nyingine. Jumla inabaki saa 8. Sheria inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, kwa hiyo hakuna saa za ziada zinazozaliwa wala malipo yake. Meneja anayeogopa ombi lako litafungua mlango wa madai ya malipo ya ziada anahitaji kuiona hesabu hii kwa macho yake.

Kuna kosa moja linaloharibu mpango mzuri kimya kimya. Mashine ya kidole mara nyingi imewekwa kuanza kuhesabu saa 2:00 asubuhi. Ukifika 1:30 haikuhesabii, ukikaa nje dakika 90 inakuhesabia upungufu wa 30. Mwisho wa mwezi taarifa inaonyesha unakopa muda na hulipi. Mwombe meneja awaarifu utumishi kubadili ratiba yako ya Jumanne na Alhamisi kabla ya siku ya kwanza. Na baada ya wiki moja, omba kuona taarifa yako ya mahudhurio.

Kurefusha kila siku kunamfaa nani

Wachache. Kwa mujibu wa sheria ile ile, saa za kazi ni miongoni mwa mambo yanayoandikwa katika taarifa za ajira. Yakibadilika, mwajiri huyarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Mabadiliko ya kila siku bila kikomo yanaangukia humo moja kwa moja, kwa hiyo ombi linatoka mezani kwa meneja wako na kuanza safari ndefu. Tena kuanza saa 1:30 siku tano mfululizo si sawa na siku mbili. Mvua kubwa ya masika ikinyesha na barabara zikajaa maji, fidia yako ya wiki nzima inayumba. Liombe hili kama kazi yako haitegemewi na mtu wa dirishani au wa simu, na kama umeshafanikiwa na siku mbili kwa miezi kadhaa.

Kwa mhasibu wetu, uamuzi uko hivi. Kama mazoezi yake ni kutembea, aombe kusogeza: halimgharimu mtu dakika hata moja na meneja anaweza kujibu siku hiyo hiyo. Kama anataka kukimbia au kunyanyua vyuma, aombe siku mbili. Dakika 80 hizo, ukiondoa 5 za kupasha mwili kila mara, zinabaki 70; akizitumia kukimbia, ni pungufu ya zile 75 kwa tano tu.

Sababu zipi ziingie, zipi zibaki nje

Sababu mbili au tatu zinatosha, na ziwe zile ambazo meneja anaweza kuzithibitisha. Kwamba unatoka na kurudi nyumbani gizani, hivyo mchana ndio muda pekee wenye mwanga, ni sababu ya kweli ambayo kila mtu wa Dar anaielewa. Kwamba meza itakuwa na mtu saa 7:00 hadi 8:00 ni faida anayoweza kuiona. Kwamba kazi yako ni ya kukaa siku nzima, hilo analijua.

Usiandike kwamba mazoezi yatakuongezea ufanisi kwa asilimia fulani. Namba hiyo itarudi kwako wakati wa tathmini ya mwaka. Usitaje ugonjwa wako kwa jina pia. Barua pepe husambazwa, na yaliyomo hayarudishiki. Kama kweli daktari amekushauri, "kwa ushauri wa daktari" yanatosha, na cheti kiwasilishwe kwa utumishi tu wakikihitaji.

Jambo jingine la kuacha ni ahadi ya "nitapatikana kwenye simu wakati wote". Inasikika vizuri, lakini sheria inamtaka mwajiri alipie mapumziko ikiwa mfanyakazi anatakiwa awe tayari kwa kazi. Kwa ukarimu wako umegeuza mapumziko kuwa zamu, na mazoezi yako yatakatizwa kila siku. Toa jina la mwenzako badala yake. Ila kaa naye kwanza umwombe kwa mdomo; meneja akimuuliza naye akashangaa, barua imekufa.

Barua mbili

Hii ndiyo inayokwama:

> Habari bosi, naomba nipewe saa ya chakula inayobadilika ili niwe nafanya mazoezi kwa ajili ya afya yangu. Mazoezi ni muhimu sana na yanaongeza ufanisi kazini. Nitahakikisha kazi haziathiriki. Asante.

Haina saa, haina siku, haina mtu wa kushika nafasi, haina mwisho. "Nitahakikisha" inamwachia meneja kazi yote ya kufikiri. Linganisha na hii, ya siku mbili:

> Kichwa: Ombi la kubadili saa ya chakula Jumanne na Alhamisi, majaribio ya wiki 6
>
> Ndugu Meneja,
>
> Habari za asubuhi. Naomba ruhusa ya kutumia mapumziko ya mchana kwa mazoezi siku za Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 5:30 asubuhi hadi 7:00 mchana, kwa majaribio ya wiki 6. Siku hizo nitaanza kazi saa 1:30 asubuhi badala ya saa 2:00, hivyo nitaendelea kufanya kazi saa 8. Hakutakuwa na saa za ziada.
>
> Sababu ni kwamba kazi yangu ni ya kukaa siku nzima, na kwa umbali wa nyumbani natoka na kurudi gizani. Mchana ndio muda pekee ninaoweza kufanya mazoezi.
>
> Nikiwa nje, mwenzangu wa meza ya malipo atapokea ankara na maswali ya wasambazaji. Nimezungumza naye na amekubali. Nitarudi saa 7:00 anapotoka kula, hivyo meza itakuwa na mtu kati ya saa 7:00 na 8:00, muda ambao sasa huwa haina mtu.
>
> Sitatumia ruhusa hii siku mbili za kufunga hesabu za mwezi, wala tarehe 6 na 7 na tarehe 19 na 20 tunapowasilisha kodi. Ijumaa sitabadili chochote.
>
> Ukiridhia, naomba utumishi wajulishwe ili mashine ya mahudhurio irekebishwe. Mwisho wa wiki ya 6 nitakuletea taarifa fupi ya siku nilizotumia, siku nilizochelewa kurudi kama zipo, na ankara zilizolala hadi kesho yake siku hizo.
>
> Natanguliza shukrani.

Tarehe zile si mapambo. Kodi ya mishahara huwasilishwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na marejesho ya VAT tarehe 20. Mhasibu anayeziweka kando yeye mwenyewe anamwonyesha meneja kwamba ameifikiria ofisi. Wewe weka tarehe za kazi yako: siku ya malipo, siku ya kupokea mzigo, siku ya kikao cha bodi.

Wiki 6 nazo zina sababu. Wiki 4 zinaweza kupita bila majaribio kugusa kufunga hesabu ipasavyo, na miezi 3 inamwogopesha meneja. Wiki 6 zitapitia angalau mwisho wa mwezi mmoja, kipindi ambacho mpango hujaribiwa kweli.

Anayeomba kusogeza tu abadili kichwa na aya ya kwanza, akiondoa habari ya fidia na ya mashine ya mahudhurio:

> Naomba kusogeza mapumziko yangu ya mchana kutoka saa 7:00–8:00 hadi saa 6:00–7:00, Jumatatu hadi Alhamisi, ili nipate kutembea kwa mazoezi. Muda unabaki dakika 60, na saa za kuingia na kutoka hazibadiliki.

Itume Jumanne au Jumatano asubuhi, si katika wiki ya kufunga hesabu. Ukimya usiuhesabu kuwa ruhusa. Aliyeanza kutoka bila jibu hana la kusema siku mkurugenzi akipita na kumkosa. Siku 5 za kazi zikipita, jibu juu ya barua ile ile:

> Ndugu Meneja, naomba kukumbusha ombi langu hapa chini. Kama siku mbili ni ngumu kwa sasa, niko tayari kuanza na Jumanne pekee.